Kuchemsha maji hakuondoi risasi ya mabomba

Tangu utotoni tumefunzwa kwamba maji ya kunywa sharti yachemshwe. Somo hilo limewaepusha wengi na kipindupindu na homa ya matumbo, na sitaki msomaji yeyote alipuuze kwa sababu ya haya nitakayoyasema. Hata hivyo, upo uchafu ambao moto hauuwezi. Nao ni madini ya risasi, ambayo aghalabu hayatoki mtoni wala kwenye mitambo ya kusafishia maji, bali katika mabomba, viungo na mifereji iliyomo ndani ya nyumba na shule zetu wenyewe.

Vijidudu ni viumbe hai, kwa hivyo joto huviua. Risasi ni elementi. Haina uhai wa kuondolewa, na haigeuki mvuke katika joto la maji yanayochemka. Kinachogeuka mvuke ni maji yenyewe. Tuseme mpishi wa shule ametia lita 50 za maji katika sufuria ya chai, na kila lita ina mikrogramu 12 za risasi. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Sufuria nzima basi ina mikrogramu 600. Maji yakichemka kwa muda mrefu hadi yakabaki lita 40, zile mikrogramu 600 zingali mle mle, na sasa kila lita ina mikrogramu 15. Mpishi ameua vijidudu vyote, lakini risasi ameikoleza. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuipiga hesabu hiyo, na ningependa walimu wa kemia waipige ubaoni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika jambo hili, kikulacho ki ndani ya bomba lako. Kampuni ya maji inaweza kupima maji yake kiwandani na kuyakuta safi kabisa, isidanganye hata chembe, na bado mtoto akanywa risasi katika mfereji wa shule. Madhara hutokea katika mita chache za mwisho za safari ya maji, mahali ambapo mpimaji wa kiwandani hafiki. Kwa sababu hiyo nawaandikia walimu na wanafunzi. Mita hizo za mwisho ziko mikononi mwao.

Hebu kwanza tuone risasi hiyo hutoka wapi. Wanafunzi wanajua kwamba alama ya risasi ni Pb, kutokana na neno la Kilatini plumbum. Warumi walitengeneza mabomba kwa risasi kwa kuwa ni laini, hupindika bila kuvunjika, na haishiki kutu kama chuma. Kwa sababu hizo hizo miji mingi ya Ulaya na Marekani iliendelea kuunganisha nyumba na bomba kuu la barabarani kwa mabomba ya risasi hadi karne ya 20. Marekani ilipiga marufuku mabomba hayo, pamoja na lehemu yenye risasi ya kuungia mabomba ya maji, mwaka 1986. Lakini yaliyokwisha kufukiwa ardhini yalibaki humo.

Huku kwetu mabomba ya risasi tupu si ya kawaida. Tunayo zaidi ya chuma kilichopakwa zinki na ya plastiki. Kabla msomaji hajashusha pumzi, naomba anisikilize. Mifereji mingi, vali na viungo hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, ile yenye rangi ya manjano, na tangu zamani wenye viwanda wameitia risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Nchini Marekani kwenyewe, hata baada ya sheria ya 1986, kifaa cha aina hiyo kiliruhusiwa kuitwa kisicho na risasi ilhali risasi ilifika asilimia 8 ya uzito wake. Ilikuwa mwaka 2014 tu ndipo kipimo hicho kilipoteremshwa hadi asilimia 0.25 katika sehemu zinazogusana na maji. Zinki iliyopakwa kwenye mabomba ya chuma ya zamani nayo huweza kuwa na risasi ndani yake, na lehemu ya zamani iliyounga mabomba ya shaba mara nyingi ilikuwa nusu risasi na nusu bati. Hata baadhi ya mabomba ya plastiki ya aina ya PVC yaliwahi kutiwa kemikali za risasi ili yasiharibiwe na joto yanapoundwa. Kwa hivyo jengo halihitaji bomba la risasi ili liwe na risasi katika maji yake.

Madini haya huingiaje katika maji? Oksijeni na klorini zilizomo majini huushambulia uso wa ndani wa bomba, na madini kidogo huyeyuka. Baada ya muda, yale yaliyoyeyuka huungana na kemikali nyingine za maji na kujenga ukoko mwembamba juu ya kuta za bomba. Ukoko huo ndio kinga. Ukiwa mgumu na umeshika vizuri, maji hupita bila kuyagusa madini yaliyo chini yake. Mabomba mengi ya zamani hukaa miaka na mikaka bila madhara makubwa kwa sababu ya ukoko huo tu.

Lakini ukoko hutegemea tabia ya maji. Maji yenye asidi huuyeyusha. Maji laini sana, yenye chumvichumvi kidogo, hushindwa kuujenga. Maji ya mvua yana sifa zote mbili, maana hata mvua safi kabisa huwa na pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani. Shule inayovuna mvua kutoka paani na kuigawa kwa mfereji wa zamani wa shaba ina sababu ya kuwa macho. Maji yenye kloridi nyingi nayo huuchokonoa ukoko, hasa pale ambapo risasi na shaba zimegusana. Walimu wa fizikia wanaokumbuka jaribio la limau, zinki na shaba wataelewa mara moja. Madini mawili tofauti yaliyogusana ndani ya maji huwa betri, na lile dhaifu ndilo huliwa. Katika kiungo cha lehemu juu ya bomba la shaba, kinacholiwa ni lehemu yenye risasi.

Kitu cha pili ni muda. Maji yanayopita mbio hubeba risasi kidogo. Maji yaliyolala bombani usiku kucha huendelea kuchota madini saa baada ya saa. Ndiyo maana maji ya kwanza ya asubuhi ndiyo mabaya zaidi, ya Jumatatu huzidi ya Jumanne, na ya siku ya kufungua shule baada ya likizo huzidi yote. Katika shule nilizozizuru, nimeona kwamba wanaofika mapema mferejini mara nyingi ni watoto wa madarasa ya chini. Hao ndio ambao miili yao hunyonya risasi zaidi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtoto mdogo hunyonya mara 4 hadi 5 ya kiasi ambacho mtu mzima angenyonya kwa kumeza risasi ile ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi ukoko unavyovunjika ni ule wa mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Kwa miaka mingi mji huo ulinunua maji kutoka mji jirani wa Detroit, yaliyotoka Ziwa Huron. Maji hayo yalitiwa fosfeti kidogo, ambayo huungana na risasi na kujenga ukoko mgumu. Tarehe 25 Aprili 2014, kwa nia ya kupunguza gharama, mji uliacha maji ya Detroit na kuanza kuteka maji ya Mto Flint. Maji ya mto yalikuwa na kloridi nyingi zaidi, na mitambo ikaiongeza kwa kutumia kloridi ya chuma kugandisha tope. Zaidi ya hayo, fosfeti haikutiwa tena. Ukoko uliojengwa kwa miongo mingi ukaanza kumomonyoka.

Dalili zilijitokeza mapema. Maji yalitoka mferejini yakiwa na rangi ya kutu. Mnamo Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha kampuni ya General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakila vyuma vyake. Maji yaliyoonekana hayafai kuoshea vyuma yaliendelea kunywewa na watoto kwa mwaka mzima baadaye. Na hapa ndipo mfano huu unapogusa mada yangu. Katika miezi ya Agosti na Septemba 2014 vijidudu vilipatikana katika maji hayo, na wakazi wakaambiwa wayachemshe. Waliotii walijikinga na vijidudu. Na risasi, hawakuambiwa lolote juu yake.

Nyumba moja ilipopimwa mapema mwaka 2015, maji yake yalikuwa na mikrogramu 104 za risasi kwa lita, na kipimo kilichofuata kikaonyesha 397. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, nacho si kiwango cha usalama, maana shirika hilo lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ni kiwango kinachozingatia kile kinachowezekana kufikiwa na kupimwa. Sheria ya Marekani wakati huo ilitaka hatua zichukuliwe ikiwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nyumba zilizopimwa zilizidi mikrogramu 15.

Sasa ningependa wanafunzi wa hisabati watege sikio. Katika upimaji rasmi wa nusu ya kwanza ya 2015, sampuli 71 zilichukuliwa. Mbili zilizokuwa na risasi nyingi ziliondolewa katika hesabu, mojawapo ikiwa ya nyumba ile niliyoitaja, na matokeo yakaandikwa kuwa 11. Mji ukaonekana umefuzu. Kama sampuli hizo mbili zingeachwa mahali pake, matokeo yangevuka 15. Isitoshe, wakazi walikuwa wameagizwa kuyaacha maji yatiririke kwa dakika kadhaa usiku kabla ya kuyaacha yalale na kuchukua sampuli asubuhi, jambo ambalo huosha bomba na kuficha sehemu ya ubaya wake. Profesa Marc Edwards na wanafunzi wake wa chuo kikuu cha Virginia Tech walipowapelekea wakazi chupa na maelezo yasiyo na hila, mnamo Agosti na Septemba 2015, kipimo kile kile kilizidi 25. Nao ni wanafunzi, kama ninyi.

Ukweli wa mwisho ulitoka katika damu. Tarehe 24 Septemba 2015, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 waliokuwa na risasi nyingi katika damu walikuwa wameongezeka tangu maji yabadilishwe. Hapo awali wakuu wa jimbo walimpinga, kisha wakakubali. Tarehe 16 Oktoba 2015 mji ulirudi kwa maji ya Detroit. Lakini ukoko uliobomoka haurudi kwa siku moja, na karibu mabomba 11,000 ya risasi yalihitaji kung'olewa, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka 2025. Kuokoa gharama za maji kwa miezi 18 kulizaa kazi ya miaka kumi.

Kabla sijaja kwa tiba, niseme neno kuhusu shaba. Shaba na risasi hutajwa pamoja kwa kuwa huingia majini kwa njia moja, lakini tabia zao ni mbalimbali. Mwili huhitaji shaba kidogo; risasi hauihitaji hata chembe. Shaba nyingi huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, na Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 2 kwa lita, yaani mara 200 ya kile cha risasi. Tena shaba hujitangaza. Huacha alama za rangi ya samawati na kijani kwenye beseni chini ya mfereji, na maji huwa na ladha chungu ya chuma. Risasi haina rangi, haina harufu, na haina ladha. Maji yenye risasi yanaweza kung'aa kama lulu. Mwalimu akiiona ile alama ya kijani kwenye beseni la maabara, asiishie kuifuta. Alama hiyo inamwambia kwamba maji ya shule yanakula madini, na ikiwa kuna risasi njiani, yamkini yanaila pia.

Tufanye nini basi? Jambo la kwanza halina gharama kubwa. Maji yaliyolala bombani yasinywewe. Lakini ni kiasi gani cha kuyaacha yatiririke? Hili si jambo la kukisia, kwani bomba ni mcheduara, na ujazo wake twaujua. Tuchukue bomba lenye upana wa ndani wa milimita 15 na urefu wa mita 20 kutoka kwenye tangi hadi mferejini. Nusu kipenyo ni sentimita 0.75. Tukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, tunapata eneo la sentimita za mraba 1.77 hivi. Tukizidisha kwa sentimita 2,000 za urefu, tunapata karibu sentimita za ujazo 3,530, yaani lita 3 na nusu. Hayo ndiyo maji yaliyolala. Kwa kuwa maji mapya huchanganyika na ya zamani njiani, yafaa kutoa mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Ndoo moja ya lita 10 yatosha.

Hakuna haja ya kumwaga ndoo hiyo, nami najua jinsi maji yalivyo adimu katika shule nyingi. Maji hayo yapige deki, yaoshe vyoo, yamwagilie maua. Risasi hailiwi na sakafu. Kisha mtungi safi wenye kifuniko ujazwe maji mapya, na watoto wanywe kutoka humo. Baada ya likizo hesabu hubadilika, maana maji yamelala pia katika bomba kubwa la kiwanja. Bomba la upana wa ndani wa milimita 25 na urefu wa mita 100 hubeba karibu lita 49. Hapo inafaa kuanza na mfereji ulio karibu zaidi na mahali maji yanapoingilia, kisha kwenda hadi ule wa mwisho, kabla ya wanafunzi kurejea.

Njia hii ina mipaka yake, nami sitaki kuificha. Faida yake hudumu hadi maji yatakapolala tena, na saa chache tu hutosha kuanza kuyaharibu. Aidha, haizuii chembe ngumu za ukoko zinazobanduka ghafla, hasa maji yanaporudi kwa kishindo baada ya mgao au baada ya fundi kukata bomba. Maji yanayotoka na rangi ya kahawia nyakati hizo yasitumiwe kunywa wala kupika hadi yatakate, kwa kuwa vumbi la kutu huweza kubeba risasi. Chembe kama hizo hunaswa pia katika kile kichujio kidogo kilichofungwa mdomoni mwa baadhi ya mifereji. Kifunguliwe na kuoshwa mara kwa mara.

Jambo la pili ni kwamba maji ya moto ya mferejini yasitumiwe kamwe kwa chai, uji wala maziwa ya mtoto. Maji ya moto huyeyusha risasi kwa wepesi zaidi, na huwa yamekaa katika tangi lake. Chota maji baridi kutoka kwenye mfereji uliokwisha kutiririshwa, ndipo uyachemshe. Kwa mpango huo kila hatua hufanya kazi yake. Kutiririsha hupunguza risasi, na kuchemsha huua vijidudu. Vichujio vya udongo vinavyouzwa madukani navyo vilitengenezewa hasa vijidudu na tope. Anayetaka kuondoa risasi atafute kichujio kilichothibitishwa kwa risasi, na abadilishe kiini chake kwa wakati ulioandikwa, kwani kiini kilichochoka huacha risasi ipite.

Jambo la tatu ni kupima, na kupima kwa haki. Shule ichukue chupa mbili za mililita 250 zenye mdomo mpana, zilizotolewa na maabara. Mfereji usiguswe kwa muda wa saa 8 au zaidi. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajaufungua, chupa ya kwanza ijazwe kwa maji ya mwanzo kabisa, mfereji ukiwa umefunguliwa kama kawaida. Kisha maji yatiririke kwa sekunde 30, na chupa ya pili ijazwe. Kila chupa iandikwe jina la mfereji, tarehe na saa. Maabara itatia asidi ya nitriki ili risasi iliyojishika kwenye kuta za chupa iyeyuke ihesabiwe.

Tuseme majibu yamerudi, chupa ya kwanza ina mikrogramu 38 na ya pili 4. Hapo mshtakiwa ni mfereji wenyewe, pamoja na viungo vilivyo nyuma yake, kwa kuwa maji yaliyotoka mbali zaidi ni mazuri. Dawa ni kubadilisha mfereji na kupima tena. Lakini ikiwa ya kwanza ina 38 na ya pili 30, mfereji mpya hautasaidia. Tatizo limo katika bomba la ukutani au mbali zaidi, na mfereji huo ufungwe kwa kunywa hadi kiini kijulikane. Na ikiwa zote mbili ni safi, tushukuru, lakini tusiapishe maji kwa kipimo kimoja. Kwa sababu ya zile chembe zinazobanduka, maji ya mfereji mmoja huweza kuwa safi leo na mabaya wiki ijayo. Tupime tena muhula mwingine.

Mwishowe, tiba kamili ni kung'oa kile chenye risasi. Shule haihitaji kubomoa kuta zake zote. Mifereji ya kunywea ni michache, na hiyo ndiyo ianze. Mnunuzi wa shule adai vifaa vyenye alama ya ubora ya shirika la KEBS na maelezo ya kiwanda kuhusu risasi, na asishawishiwe na mng'ao wa mfereji wa bei ya chini. Fundi akikata bomba la zamani, maji yatiririshwe kwa muda mrefu baada ya kazi, maana msumeno hutikisa ukoko wote.

Naomba Wizara ya Elimu iwatake wakuu wa shule kupima maji ya kwanza ya asubuhi katika mifereji ya kunywea, na kuyabandika majibu kwenye ubao wa matangazo, bila kuondoa hata sampuli moja. Mzazi ana haki ya kuona 38 hata kama mkuu angependa aone 4. Risasi iliyokwisha kufika katika ubongo wa mtoto hairudishi kile ilichoharibu. Hupunguza uwezo wake wa kujifunza na kutulia, kisha hujificha mifupani kwa miaka mingi. Huenda yupo mtoto ambaye mwalimu amekuwa akimwita mzembe, kumbe kila asubuhi amekuwa wa kwanza mferejini. Dawa za hospitali huweza kuitoa risasi katika damu. Akili iliyopotea haziirudishi.

Basi muhula ujao ukifunguliwa, mwalimu wa zamu asiridhike na kuuliza kama maji yamechemshwa. Aulize pia yalilala bombani kwa muda gani kabla ya kuchotwa.